Kunyamaza barazani: kesi ya migomba na mihogo

*Jambo Papa. Nina miaka 26 na nimewekwa katika baraza la kijiji chetu, huku Kabare, kwa sababu nimesoma. Nikitoa shauri, wazee wanatabasamu tu, na wenye kesi wanarudi juma linalofuata na maneno yale yale. Tuko na mzee mmoja ambaye karibu hasemi kitu, lakini kesi zake zinakwisha. Nilijaribu kunyamaza kama yeye, watu wakadhani sijui kazi. Kunyamaza huko kunafanywa namna gani?*

Mzee wako hanyamazi bure. Akikaa bila kusema, kila mtu pale anakumbuka kwamba alikuwepo mashamba yalipogawanywa, kwamba anajua nani alitoa mbuzi kweli na nani aliahidi tu. Mtu anayetaka kudanganya mbele yake anajipima kwanza. Wewe ukikaa kimya, watu hawaoni kitu nyuma yako isipokuwa diploma. Ndiyo sababu ulipomwiga ulionekana hujui kazi. Usimwige. Kijana ananyamaza kwa njia nyingine, na njia hiyo nilimwona kijana mwenzako akiigundua pasipo kuitafuta, katika kesi ya shamba, upande wa Mudaka. Nitakusimulia yote, bila majina, kwa sababu mengi unayouliza yamo ndani ya kesi yenyewe.

Mjane mmoja alikuwa analima shamba linaloshuka kutoka njiani hadi kwenye kijito. Marehemu bwana yake alilipata kwa jirani, mzee mwenye mlima, ambaye naye alikuwa amekwisha kufa. Mtoto mkubwa wa yule mzee alikuwa Kamituga, kwenye dhahabu. Akarudi mikono mitupu, akakuta watu wa Bukavu wananunua viwanja kando ya barabara ya Kavumu, akadai shamba la baba yake. Yeye alisema: ilikuwa bwasa. Mjane akasema: ilikuwa kalinzi.

Wewe ni mtoto wa Bushi, unayajua haya, lakini wengine watasoma, kwa hiyo nayaeleza kidogo. Kalinzi ni ardhi ambayo mtu ameipata kwa kutoa ng'ombe au mbuzi mbele ya mashahidi. Anailima maisha yake yote na anawarithisha watoto. Bwasa ni kuazimwa kwa msimu au misimu michache, kwa pombe, kuku, pesa au siku za kulima kwa mwenye shamba. Aliyepewa bwasa anapanda vitu vinavyong'olewa upesi: maharagi, viazi, mtama, pengine mihogo. Hapandi migomba wala kahawa wala miti, maana mgomba ukishika ardhi, mwenye kuupanda naye ameshika. Hakuna karatasi katika kalinzi ya zamani. Na sheria ya ardhi ya Kongo, ya tarehe 20 Julai 1973, ilisema kwamba haki za watu kwenye ardhi za namna hii zitapangwa na agizo la Rais, agizo ambalo vijiji vimelingoja miaka na miaka. Kwa hiyo ushahidi ni vinywa vya watu na vitu vilivyoota.

Katika kikao cha kwanza kijana wetu alisikiliza pande zote mbili, labda kwa nusu saa, halafu akatoa shauri: gawaneni nusu kwa nusu. Alilitoa kwa moyo mzuri na kwa maneno mazuri. Palepale wale wawili, ambao tangu asubuhi hawakupatana juu ya kitu chochote, wakapatana juu ya kumkataa yeye. Mjane akauliza kwa nini apoteze nusu ya shamba lake. Yule wa Kamituga akauliza kwa nini mtu wa nje abaki na nusu ya shamba la baba yake. Kabla ya jua kuzama kulikuwa na uvumi kwamba kijana amepewa kitu, ila kila upande ulisema amepewa na upande mwingine.

Angalia kosa la shauri lile, maana ni kosa la mashauri mengi. Kama ni kalinzi, mjane anastahili shamba zima. Kama ni bwasa, hana chake. Nusu haipo katika desturi yoyote ya hapa. Shauri lilikuja kabla swali la kweli halijajibiwa, yaani ni nini hasa kilifanyika kati ya wale marehemu wawili. Tena shauri linawapa watu kitu kipya cha kubishania. Walikuwa wanabishana juu ya shamba. Sasa wanabishana juu yako: umri wako, ukoo wako, nani alikununulia chupa. Na hata wangekubali, mapatano yangekuwa yako. Siku yakiuma, wanakuletea wewe.

Kikao cha pili, mzee mwenyekiti hakumkemea. Alimwambia tu: leo wewe ni karani, andika. Mimi nadhani alitaka kumpumzisha, wala hakuwa na hekima yoyote ya siri akilini, ingawa leo anasimulia kana kwamba alipanga. Kuandika kulikuwa kazi nzito. Watu walisema Mashi, lugha ya hapa Bushi, kijana alilazimika kuandika Kiswahili ili karatasi isomeke kwa shefu wa grupoma, mkubwa wa vijiji kadhaa, na hata mjini, na mkono wake ulikuwa wa polepole. Mwenyekiti alikataa mtu mwingine aanze kusema kabla kalamu haijasimama.

Yule wa Kamituga akasema maneno yake kama alivyoyasema mara ya kwanza. Baba aliwaazima shamba walime maharagi. Kila mavuno walikuwa wanaleta kitu. Akamaliza. Kijana akaendelea kuandika, kichwa chini. Hakuna aliyesema. Yule mtu akamtazama mwandishi, akatazama watu, akaongeza: "Kitu chenyewe ni mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Niliubeba mimi mwenyewe nikiwa mtoto." Kalamu ikaendelea. Akaongeza tena: "Hayo ni ya mbele ya kwenda Kamituga." Kisha, baada ya muda mwingine, kwa sauti ya chini: "Nikiwa kule, kama waliendelea kuleta, sijui."

Hapo kesi iligeuka, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Mtu aliyedai kwamba ni bwasa hadi leo amekubali kwamba hajui malipo yalisimama lini. Bwasa isiyolipwa, na mwenye shamba yuko hai na ananyamaza, inaanza kufanana na kitu kingine.

Kijana aliniambia baadaye kwamba ulimi ulimwasha. Alitaka kusema: basi unaona! Lakini alikuwa bado hajamaliza sentensi ya nyuma. Na kama angesema, yule mtu angerudi nyuma mara moja, angetafuta mtungi mwingine wa kasiksi wa miaka ya juzi.

Hiyo ndiyo kazi ya kimya barazani, na siioni nyingine kubwa kuliko hiyo. Maneno ya kwanza ya mwenye kesi yametayarishwa nyumbani. Ameyasema kwa mke wake, kwa ndugu zake, njiani akija. Yako imara, hayana mlango. Ukiyajibu, unajibu hotuba, naye atakurudishia hotuba. Usipoyajibu, anafika mahali ambapo hotuba imekwisha na watu bado wanamtazama. Analosema hapo halikutayarishwa. Si lazima liwe ungamo. Mara nyingi ni nyongeza ndogo tu: tarehe, jina la aliyekuwepo, "isipokuwa ile sehemu ya chini", "mbele ya vita". Kesi za mashamba zinafunguka kwa nyongeza hizo.

Walimu wamelipima jambo hili kwa saa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 alionyesha kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kurudia au kujibu mwenyewe; waliofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi waliokuwa wakikaa kimya walianza kusema. Miaka ya karibuni Jared Curhan na wenzake wamepima pia mazungumzo ya biashara, wakaona kwamba kimya cha sekunde 3 na kuendelea kinawasaidia watu kutoka katika kuvutana na kufikiri njia inayowafaa wote wawili. Sekunde 3 unaweza kuziona ni chache. Jaribu kuzikaa barazani, watu arobaini wakikutazama, utaona zilivyo ndefu. Mimi siwaambii vijana wahesabu sekunde. Nawaambia wavute pumzi na kuishusha polepole mara mbili, wasifungue mdomo kabla.

Sasa, kalamu. Ndiyo inayokufaa wewe zaidi, kwa sababu ya umri wako. Kijana anayemkazia macho mtu mzima bila kusema ana dharau au ana woga, watu watachagua moja. Kijana anayeandika anafanya kazi. Macho yako chini kama heshima inavyotaka, mkono unatembea, na kila mtu anaelewa kwa nini husemi. Mwanzoni mwa kikao sema wazi, mara moja: "Wazee, nitaandika maneno ya kila mmoja. Nikiwa ninaandika, naomba tungoje." Kimya kilichotangazwa hakimtishi mtu. Cha ghafla, kisicho na sababu, ndicho kilichowafanya wadhani hujui kazi.

Halafu soma ulichoandika. Hiyo ni nusu ya pili ya kazi, na bila hiyo kuandika kunabaki ujanja. Soma kwa maneno ya msemaji mwenyewe, usiyapambe. Akisema "walituibia," usisome "walichukua". Akisema "mtungi", usisome "malipo". Ukimaliza uliza tu: ni hivyo? Kisha nyamaza tena. Watu wengi husahihisha hapo, na sahihisho ni dhahabu, maana mtu anasahihisha kuelekea ukweli mbele ya mashahidi. Yule wa Kamituga, aliposomewa "kila mavuno walikuwa wanaleta kitu," alisema: "Andika: nilipokuwa mtoto."

Turudi kwenye kesi. Kalamu iliposimama, mwenyekiti alimpa kijana nafasi ya kuuliza. Safari hii hakutoa shauri. Aliuliza swali moja la kitu kinachoonekana kwa macho: "Katika shamba lile, leo, kumeota nini?" Mjane akajibu: juu, karibu na njia, migomba, chini, kwenye kijito, mihogo, na mbele ya mihogo ilikuwa maharagi. Nani alipanda migomba? Bwana yangu, mwaka niliozaa mtoto wa tatu. Na mzee mwenye mlima alikuwa wapi mwaka huo?

Zingatia namna maswali yale yalivyo. Hakuna "kwa nini". "Kwa nini" inaita hotuba. "Nini", "wapi", "nani alikuwepo", hayo yanaita kumbukumbu, na kumbukumbu inahitaji muda wa kuja, kwa hiyo kimya kinachofuata kinaeleweka na wote. Swali likiwa la maana, ndilo linalobeba uzito ambao mzee wako anaubeba kwa miaka yake. Kijana aliyeuliza juu ya migomba alionyesha kwamba anajua tofauti ya kalinzi na bwasa, bila kutamka hata moja.

Baada ya swali lile la mwisho baraza lilinyamaza kweli. Mwalimu wa katekisimu, mmoja wa wanabaraza, alifungua mdomo kusaidia, na mwenyekiti akamwekea mkono kwenye goti. Kilichotokea ni kwamba yule wa Kamituga hakumtazama mjane. Alimtazama baba yake mdogo aliyekaa upande wake mwenyewe. Baba mdogo akakohoa, akasema: "Machipukizi ya ile migomba yalitoka kwenye bustani ya ndugu yangu. Alimpa kwa mikono yake."

Ungesema kesi imekwisha. Haikwisha, na hapa vijana wengi wanaharibu kwa furaha. Desturi haziko sawa kila mlima, na mpinzani angeweza kusema baba alitoa machipukizi kwa urafiki tu. Kijana aliandika. Akasoma. Akangoja. Na yule mtu, badala ya kupinga, akasema neno ambalo halikuwa la ardhi kabisa: "Basi, mbona baba hakuniambia?" Ikatokea taratibu kwamba hakuwepo baba yake alipokufa, kwamba wadogo zake waligawana bustani ya nyumbani bila kumngoja, na kwamba amerudi akiwa mtu mzima asiye na mahali pa kujenga. Kwa mjane alienda kwa sababu huko ndiko kulikuwa rahisi kugonga. Madai yake ya kweli yalikuwa kwa ndugu zake, na hakuna shauri juu ya shamba la mjane ambalo lingeyagusa.

Mwenyekiti akafunga kikao bila uamuzi. Hili nalo ni kimya, cha siku kadhaa, na ukiweza kulipata lipate. Watu huenda kulala na neno walilolisema wenyewe.

Kikao cha tatu kilifanyika shambani. Baraza zuri la ardhi linatembea. Ukikaa chini ya mti tu utasikia shamba, hutaliona. Walipita mpakani kwa miguu, mjane mbele, mdai nyuma yake, baba mdogo na jirani mmoja bibi kizee aliyekuwa amekumbukwa kama shahidi. Kijana alibeba daftari na hakuuliza kitu. Pale migomba ilipokwisha, yule bibi alisimama kabla ya kuulizwa, akapiga chini kwa fimbo. Hapa, akasema, ndipo mbuzi wawili walipofikia. Huku chini kulikuja baadaye, mwaka wa njaa, kwa pombe.

Kumbe pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Sehemu ya juu ilitolewa kwa mbuzi, ikapandwa migomba, mwenyewe akiona: kalinzi. Sehemu ya chini, kama theluthi ya shamba hivi, iliongezwa kwa pombe na haikupandwa kamwe kitu cha kudumu: bwasa. Mtoto aliyebeba mtungi wa kasiksi alibeba mtungi wa sehemu ya chini. Mjane aliyeolewa baada ya mbuzi kutolewa alijua shamba moja tu, maana alilikuta hivyo na bwana yake hakumtenganishia.

Mapatano waliyasema wao. Migomba ya mjane na watoto wake, kwa jina la kalinzi. Sehemu ya chini irudi. Ila mihogo ilikuwa bado midogo, na huku kwetu juu, kwenye baridi, mihogo inakaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuiva vizuri. Mdai ndiye aliyesema avune kwanza. Baba mdogo akaahidi kuwaita wadogo zake juu ya bustani ya nyumbani, jambo lililoandikwa kwenye karatasi ya pili, tofauti, ili la ndugu lisiingie katika la mjane. Kila mmoja aliambiwa atamke sehemu yake kwa mdomo wake kabla ya kuweka kidole: mjane aseme anarudisha nini na lini, mdai aseme hatadai nini tena. Nakala kwa kila upande, moja kwa baraza, moja kwa shefu.

Ukilinganisha na "nusu kwa nusu" ya kikao cha kwanza, utaona kwamba hesabu haikuwa mbali sana. Lakini ile nusu ingekata migomba katikati, na hakuna ambaye angeweza kuieleza kwa watoto wake.

Sasa hatari, maana kimya ni chombo kikali na barazani hatuko sawa sote.

Ya kwanza: kimya kinamfaa mwenye nguvu. Mweke mjane mbele ya shemeji zake watatu na shefu ambaye ni rafiki yao, halafu wewe unyamaze; wao watakaa raha mustarehe, yeye atavunjika na kukubali lolote ili aondoke. Hapo hujapatanisha, umemfinya kwa utulivu. Namna ya kutambua ni macho. Mtu anayefikiri anatazama chini, au mbali, au mikono yake. Midomo inacheza kidogo. Akisema, anaanza kwa "kweli" au kwa "hapana, ngoja". Mtu anayeogopa anamtazama mtu fulani kabla ya kujibu, na jibu lake linakuwa fupi na linafanana na la yule mtu. Ukiona hivyo, vunja kimya wewe mwenyewe, omba mapumziko, na mwanamke wa baraza aende naye kando. Kama baraza lenu halina mwanamke, hiyo ni shida kubwa kuliko ile uliyoniuliza.

Ya pili: msemo wetu wa kwamba anayenyamaza amekubali. Katika kutafuta habari kimya ni kizuri. Katika kukubali mapatano hakifai kabisa. Nimeona karatasi zilizowekwa vidole na watu ambao hawakutamka neno, na mavuno ya kwanza zikachanika. Ndiyo maana ya kila mmoja kutamka sehemu yake. Asiyetaka kutamka bado hajakubali, na afadhali uijue leo.

Ya tatu: kuna kesi ambazo hazipaswi kukaa mbele yako hata kwa kimya. Kubakwa hakupatanishwi kwa mbuzi wala kwa ndoa; tangu sheria za tarehe 20 Julai 2006 ni kesi ya parke, yaani waendesha mashtaka wa serikali, na baraza linalokaa juu yake linamficha mkosaji. Mauaji vivyo hivyo. Na kama mtu amekuja na panga, au ametaja kuchoma nyumba, usingoje pumzi mbili. Sema, simamisha, tuma mtu kwa shefu.

Kuna shida moja ndogo utakayokutana nayo ukishaanza: wanabaraza wenzako. Wenye kesi watakuvumilia ukiwa kimya, wenzako hawatakuvumilia. Mmoja atajaza kila pengo kwa methali, mwingine kwa Maandiko. Usiwapige vita hadharani. Zungumza na mwenyekiti kabla ya kikao, mwombe sheria moja tu, kwamba hakuna anayesema kabla karani hajasoma. Ikiwa ni sheria ya mwenyekiti, heshima yao inabaki, na wewe unapata pumzi zako.

Na watakuuliza wewe mwenyewe. Ukinyamaza vizuri, mara nyingi mtu atakugeukia aseme: wewe uliyesoma, unasemaje? Usikimbilie shauri, na usirudi kwenye kimya pia, kwa maana aliyeulizwa akanyamaza anaficha kitu. Mpe habari, si hukumu. Sema sheria inasema nini, desturi ya mlima huu inasema nini juu ya migomba, ni miezi mingapi mihogo inahitaji, kesi ikipelekwa tribinali ya amani inaomba mashahidi wa namna gani. Kisha umrudishie swali katika umbo dogo: "Kwa hayo, wewe unaona sehemu ipi ndiyo ngumu?" Na ushike kalamu.